Mwanya wa Milimita 25

Ukiingia katika jengo refu la madarasa lililofunikwa kwa paa la zege, usianze kutafuta nyufa katikati. Nenda moja kwa moja chumba cha mwisho, simama karibu na dirisha, kisha inua macho. Kama jengo lina urefu wa mita 80 au 90 na halikukatwa popote, huenda ukaona ufa mwembamba unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha kuelekea darini, na pengine mwingine uliolala, unaofuata mstari ule ambapo safu ya mwisho ya matofali inakutana na slabu. Rudi chumba cha jirani: ufa upo, ila ni mdogo. Chumba cha tatu umebaki kama uzi. Katikati ya jengo ukuta ni mzima, ingawa matofali ni yale yale, saruji ni ile ile na fundi ni yule yule.

Mpangilio huo ndio unaotoa siri. Saruji hafifu ingepasuka popote. Msingi uliotitia ungepasua ukuta pale pale ulipotitia. Nyufa zinazokua kadiri unavyozikaribia ncha za jengo, na zinazozidi juu kuliko chini, huwa zinatokana na jambo jingine: jengo linatanuka mchana na kusinyaa usiku, na kuna kitu kinachoushikilia mwendo huo.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa sababu maghala na viwanda vingi husimamishwa kwa chuma kitupu, na majengo ya zege nayo yana nondo ndani yake. Chuma ni atomu zilizopangwa kwa safu, kila moja ikiwa umbali wa takriban robo ya nanomita kutoka kwa jirani yake. Hazikai tuli. Zinatetema mahali pake usiku na mchana, na kile tunachokiita joto la chuma ndicho mtetemo huo. Jua likipiga, mtetemo unaongezeka.

Hapo wengi huishia, wakisema kwamba chembe zinazotetema zaidi hudai nafasi zaidi. Maelezo hayo hayatoshi. Kama kila atomu ingeyumba sawasawa kuelekea kwa jirani na kumwacha jirani, ingeweza kutetema kwa nguvu maradufu na wastani wa mahali pake usibadilike hata kidogo. Chuma kingepata moto bila kurefuka. Kinachosababisha mtanuko ni kwamba nguvu inayoziunganisha atomu mbili haiko sawa pande zote. Ukizisukuma zikaribiane, zinakataa upesi na kwa ukali. Ukizivuta ziachane, zinavutana pia, lakini kwa ulegevu zaidi. Fikiria mtu aliyesimama karibu na ukuta huku anayumba: upande wa ukuta hawezi kwenda mbali, upande ulio wazi anaweza. Kadiri anavyoyumba kwa nguvu, ndivyo wastani wa mahali alipo unavyosogea kutoka ukutani. Kila atomu ya chuma ina kuta za namna hiyo kwa majirani zake wote, kwa hiyo joto linapopanda, umbali wa wastani kati yao unaongezeka kidogo, na kipande kizima kinakua.

Kidogo hicho kwa chuma cha ujenzi ni sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzijoto moja. Kwa lugha ya futikamba: mita moja ya chuma ikipanda nyuzijoto moja, inarefuka milimita 0.012. Hakuna jicho linaloona hilo. Lakini nondo ya mita 12 iliyolala juani hadi ikapanda nyuzijoto 30 imekwisha kurefuka zaidi ya milimita 4, na boriti ya mita 120 katika hali hiyo hiyo imerefuka milimita 43. Urefu ndio unaokusanya vipande hivi visivyoonekana mpaka vikawa kitu cha kupimwa kwa rula.

Zege nalo hutanuka, kwa kiwango kinachokaribia sana kile cha chuma: takriban sehemu 10 katika milioni, chini kidogo likiwa na kokoto za mawe ya chokaa, juu kidogo likiwa na kokoto zenye madini mengi ya kwatzi. Ukaribu huo ni bahati kubwa kwa ujenzi. Nondo na zege linaloizunguka hupanda na kushuka pamoja, na zege halibanduki kutoka kwenye nondo kila jua linapochomoza. Alumini hutanuka mara mbili ya chuma. Kama nondo zingekuwa za alumini, ndani na nje ya nguzo vingevutana kila siku.

Sasa tufike kwenye kiini. Kutanuka peke yake hakupasui kitu. Kipande cha chuma kilicholazwa kwenye sakafu laini, kisichoshikwa popote, kinaweza kurefuka na kufupika maisha yake yote bila kupata mkazo wowote ndani yake. Madhara huanza pale kinapotaka kurefuka na kikazuiwa. Hapo urefu usiopatikana hugeuka kuwa nguvu.

Nguvu hiyo inahesabika. Chuma kilichozuiwa kabisa hupata mkazo wa takriban nyutoni 2.4 kwa kila milimita ya mraba kwa kila nyuzijoto kinachopanda. Chukua ghala la chuma la mita 120, na lile boriti jembamba linalounganisha vichwa vya nguzo kwa urefu wote wa ghala, likiwa na eneo la mkato la sentimita 20 za mraba. Alfajiri chuma hicho kina nyuzijoto 20. Saa nane mchana, chini ya bati lililopigwa na jua, kina 50. Kama ncha zake mbili zimeshikwa zisisogee kabisa, kila milimita ya mraba ina mkazo wa nyutoni 72, na boriti zima linasukuma kila upande kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu tani 15. Boriti jembamba halivumilii msukumo huo. Litapinda kati ya nguzo na nguzo, au litazipeleka ncha nje, au litakata bolti. Chochote kitakachotokea, milimita zile zitapata njia.

Hapa ndipo makosa ya mchoro yanapoingia katika maghala mengi. Ghala linahitaji vyuma vya mshazari, vile vinavyopishana kama herufi X kati ya nguzo mbili, ili upepo usililaze. Mtu anayefikiria upepo peke yake huviweka kwenye ncha zote mbili, kwa sababu huko ndiko upepo unakopiga. Kumbe amefunga milango miwili ambayo chuma kingetumia kutoka. Katika ghala refu, mafundi wanaojua huweka X hizo katikati, ili jengo lishikwe kitovuni na ncha zote mbili ziwe huru kusogea milimita 20 hivi kila upande. Ghala likizidi urefu ambao kitovu kimoja kinaweza kuushika, wanalikata mara mbili na kila kipande kinapewa X zake.

Neno kitovu nimelitumia makusudi, maana kila jengo lina sehemu moja isiyosogea. Ukichukua slabu ya zege iliyokaa juu ya nguzo zinazofanana, slabu ikapata joto, katikati yake haiendi popote. Mita 10 kutoka katikati inasogea kidogo, mita 20 mara mbili ya hapo, na nchani ndiko mwendo wote unakojumlishwa. Nguzo ya mwisho inasukumwa kichwa, ilhali mguu wake umo katika msingi ulio chini ya ardhi, ambako joto la mchana na baridi ya usiku havifiki. Kichwa kinakwenda, mguu unabaki. Ndiyo maana ule ufa wa mshazari ulikuwa chumba cha mwisho, na ulikuwa juu.

Urefu wa nguzo nao una neno lake. Nguzo ndefu huinama kidogo na kuuachia mwendo upite. Nguzo fupi hukataa. Na tofauti si ndogo: kwa mwendo ule ule wa kichwa, nguzo yenye nusu ya urefu hukabiliana na nguvu mara nane. Fundi anapojenga tofali hadi nusu ya nguzo na kuacha dirisha juu yake, ameifupisha nguzo hiyo bila kujua. Sehemu iliyofungwa na tofali haiinami tena, mwendo wote unabebwa na nusu ya juu, na nyufa hutokea pale pale tofali linapoishia. Ngazi za zege na mashimo ya lifti ni wakaidi kuliko nguzo yoyote. Jengo refu lenye ngazi moja kila ncha, mpango unaopendwa sana kwa sababu za usalama wa moto, linafungwa na minara miwili migumu, na slabu iliyo katikati yao haina pa kwenda.

Zege lina udhaifu mwingine ambao chuma hakina. Linavumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Zege la kawaida la majengo hustahimili mvuto wa nyutoni 2 hadi 3 hivi kwa milimita ya mraba. Likizuiwa kabisa lisisinyae, kila nyuzijoto moja ya kupoa huliongezea mvuto wa kama robo ya nyutoni. Piga hesabu utaona kwamba kupoa kwa nyuzijoto 10 kunatosha, kwa hesabu ya karatasini, kulifikisha mwisho wake. Kwa kweli slabu haizuiwi kabisa, na zege hulegea polepole likikaa chini ya mkazo, hivyo mambo huenda nafuu kuliko hesabu inavyotisha. Hata hivyo mtu hapaswi kushangaa kuona slabu iliyovumilia jua la siku nzima ikipasuka mvua ya ghafla inaponyesha saa tisa alasiri na kuipoza ghafla.

Tena, zege husinyaa lenyewe linapokauka. Katika miezi na miaka ya mwanzo hupungua kati ya milimita 0.3 na 0.6 kwa kila mita, jambo linalolingana na kupoa kwa nyuzijoto 30 hadi 60. Kwa hiyo slabu changa inabeba mizigo miwili inayoelekea upande mmoja: inakauka na inapoa kila usiku. Ndiyo sababu nyufa nyingi huonekana mwaka wa kwanza au wa pili, wakati mwenye jengo bado anamdai fundi maelezo.

Je, jengo halisi husogea kama hesabu zinavyosema? Nchini Marekani, mwaka 1943 na 1944, idara ya majengo ya serikali ilipima mianya ya mtanuko katika majengo tisa kwa muda wa mwaka mzima. Vipimo hivyo vilikuja kuwa sehemu ya msingi wa ripoti iliyotolewa mwaka 1974 chini ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo, na wahandisi wanaitumia hadi leo. Mambo mawili yaliyoonekana humo yana faida kwa mtu yeyote mwenye jengo refu.

La kwanza ni ucheleweshaji. Jengo halikufikia urefu wake mkubwa pale hewa ilipokuwa na joto kali zaidi, bali saa 2 hadi 12 baadaye. Ukuta na slabu ni vizito, na joto huvipenya polepole. Anayepanda na rula saa saba mchana kupima mwanya wakati wa kubanwa kwake anaweza kuwa amewahi mno. La pili ni kwamba sakafu ya kwanza ilisogea theluthi moja hadi theluthi mbili tu ya mwendo wa sakafu za juu, kwa kuwa msingi ulikuwa unaishika. Nyufa za joto hupungua kadiri unavyoshuka, na hilo ni alama ya kuzitambua.

Ripoti hiyo ilitoa pia urefu ambao jengo la umbo la mstatili linaweza kufikia bila kukatwa: karibu mita 180 pale ambapo tofauti ya joto ni ndogo, ikishuka hadi karibu mita 60 pale inapokuwa kubwa. Kama upande mmoja wa jengo ni mgumu kuliko mwingine, urefu huo unapunguzwa kwa robo. Wahandisi wengi wanaojenga kwa zege lenye paa lililo wazi juani hawasubiri hata mita 60, wanakata kila mita 30 hadi 45, na mimi naona wana haki. Ripoti ilihusu majengo ambayo mengi yalipashwa au kupozwa ndani. Shule au zahanati yenye slabu tupu iliyoachwa ichomwe na jua na kuloweshwa na mvua haina kinga hiyo. Tusidanganywe na ukweli kwamba hewa ya Dar es Salaam haibadiliki sana kati ya Januari na Julai. Slabu haisomi joto la hewa. Inasoma jua, na kati ya alfajiri na alasiri inaweza kupanda nyuzijoto 25.

Tulifanyie kazi jengo moja. Ni la madarasa, mita 90, sakafu ya chini na ghorofa moja, paa la zege. Slabu ya juu alfajiri ina nyuzijoto 20, alasiri 45. Mita 90, mara nyuzijoto 25, mara milimita 0.010, unapata milimita 22 na nusu. Kila ncha inatoka nje milimita 11 hivi mchana na kurudi ndani usiku, mara 365 kwa mwaka. Sasa tulikate vipande vitatu vya mita 30. Kila kipande kina kitovu chake, na kinatanuka milimita 7.5 tu, yaani chini ya milimita 4 kila ncha. Nguzo za mwisho zinasukumwa theluthi moja ya mwanzo. Milimita 4 ni mwendo ambao nguzo ya mita 3 huuachia upite bila malalamiko makubwa.

Kati ya vipande viwili panaachwa mwanya, ambao mafundi wengi huuita ekspansheni. Kila kipande kinaleta karibu milimita 4, hivyo mwanya unafunga na kufunguka kwa jumla ya milimita 7.5 kwa joto la kila siku. Kwa nini basi usiwe wa milimita 10? Kwa sababu ndani yake kutawekwa kitu laini, na kitu laini hakibanwi mpaka kikawa sifuri. Gundi nzuri ya kuzibia mianya huvumilia kubanwa au kuvutwa robo ya upana wake hivi. Ukiacha milimita 25, mwendo wa milimita 7.5 unakuwa chini ya theluthi ya upana, nusu yake ikiwa ya kubanwa na nusu ya kuvutwa, na gundi inaishi. Ukiacha milimita 10, itang'oka ukutani katika misimu michache. Hesabu inazingatia pia saa ya kumwaga zege: slabu iliyomwagwa alasiri ya joto itasinyaa zaidi baadaye na kuupanua mwanya, ile ya asubuhi ya baridi itauziba.

Mwanya wa kweli hukata kila kitu kilicho juu ya ardhi. Kwa kawaida hujengwa nguzo mbili jirani, moja ya kila kipande, zikiwa zimeachana kwa milimita 25 hizo kuanzia chini hadi juu. Slabu inakatwa, boriti zinakatwa, ukuta unakatwa, ukingo wa paa unakatwa, plasta na marumaru vinakatwa. Nondo haivuki hata moja. Msingi peke yake ndio huachwa bila kukatwa, nguzo zote mbili zikikaa juu ya kitako kimoja, kwa sababu chini ya ardhi joto halibadiliki. Mwanya unaokata hadi msingi ni wa kazi nyingine: ule wa jengo ambalo upande mmoja utatitia kuliko mwingine, pengine kwa sababu udongo unabadilika au ghorofa hazilingani. Kuchanganya miwili hii ni kosa la kawaida, na ni afadhali kumuuliza mhandisi kabla shimo halijafukiwa.

Katika ghala la chuma mwendo hupewa nafasi kwa njia nyingine pia. Mahali boriti linapokaa juu ya nguzo, tundu la bolti halichongwi la mviringo bali refu, na nati inakazwa kwa kiasi ili boriti liteleze. Chini yake huwekwa bamba laini la kuteleza. Ni njia ya gharama ndogo, ila ina adui mmoja mkubwa, nao ni kutu. Baada ya miaka michache ya hewa ya bahari, bolti na bamba huungana zikawa kitu kimoja, na mwendo unazuiwa kama vile tundu halikuchongwa. Karibu na pwani naamini zaidi nguzo mbili zilizoachana kuliko tundu refu.

Ni haki pia kusema kwamba si kila chuma kirefu kinahitaji mwanya. Reli za kisasa huchomelewa zikawa kipande kimoja cha kilomita nyingi, bila zile nafasi zilizofanya treni za zamani zigonge kwa mpigo. Zinashikwa na mataruma na kokoto nzito zisisogee, na mkazo wote unabaki ndani ya chuma, ambacho kina uwezo wa kuubeba. Ajabu ni kwamba mkazo wa kitu kilichozuiwa kabisa hautegemei urefu wake. Reli ya kilomita moja na ya kilomita kumi zina mkazo ule ule. Jengo haliwezi kuiga hilo kwa sababu kinacholizuia ni nguzo na kuta zake lenyewe, na hizo ndizo zinazopasuka.

Mwanya ukishajengwa vizuri, hatari kubwa inayobaki ni watu wema. Katika shule moja niliyoitembelea nilimwona fundi akiwa amemaliza kupiga plasta mpya juu ya mstari wote wa mwanya, kutoka chini hadi ukingo wa paa. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba hivyo. "Mwalimu, pale palikuwa panaingiza maji na mijusi," aliniambia fundi kwa heshima, "nikaona nizibe kabisa pasisumbue tena." Kazi yake ilikuwa safi na nia yake njema, na nilimweleza pale pale kwa nini plasta ile haitadumu: itapasuka kwa mstari, kisha wataona ufa na kumwita tena. Hilo ndilo jambo jepesi kati ya yanayoweza kutokea. Zito zaidi ni saruji kudondokea ndani ya mwanya wakati wa kujenga na kukauka humo, ikiwa kabari kati ya slabu mbili. Au mbao za fomu kusahauliwa ndani. Au bomba gumu la maji na reli ya ngazi kuvushwa bila kukatwa. Kabari moja inatosha kugeuza vipande viwili kuwa kimoja.

Mchanga hufanya kazi hiyo hiyo taratibu. Usiku slabu zinaposinyaa mwanya unapanuka, na vumbi na vijiwe vinaingia. Mchana slabu zinarudi na hazikuti nafasi yote waliyoiacha, hivyo zinasukumana na kusogea upande wa pili kwa kiasi kidogo. Usiku unaofuata mchanga mwingine unaingia. Jengo linaongezeka urefu kwa namna isiyorudi nyuma, na ukuta wa mwisho unaanza kuegemea nje. Ndiyo maana mwanya haukai wazi. Kwanza hutiwa ubao laini wa povu kwa kina chote, kisha kamba ya povu karibu na uso, na juu yake gundi ya mpira. Gundi inashika kuta mbili za mwanya tu, haishiki kamba iliyo nyuma yake, vinginevyo inavutwa pande tatu na kuchanika. Sakafuni huwekwa bamba la chuma au alumini lililofungwa upande mmoja pekee, na upande wa pili linateleza. Juu ya paa kingo za mwanya huinuliwa kidogo na kufunikwa kwa bati lililokunjwa, maji yasipate njia. Gundi huzeeka juani, na kuikagua kila mwaka kabla ya masika ni sehemu ya kuutunza mwanya.

Maeneo yenye matetemeko yanadai zaidi ya milimita 25. Katika Bonde la Ufa na kandokando yake, vipande viwili vikitikiswa na ardhi vinaweza kuyumba kwa mipigo tofauti na kugongana. Mwaka 1985 jijini Mexico majengo mengi yaliyokaribiana yaligongana kwa namna hiyo. Huko upana unaamuliwa na mwendo wa tetemeko, na ule wa joto unaingia humo bila taabu.

Kwa jengo lililokwisha kujengwa bila mwanya na tayari lina nyufa, kazi ya kwanza ni kujua ufa ni wa aina gani, na hilo halihitaji mashine. Gongomea misumari miwili midogo kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa kifaa cha kupimia milimita mapema alfajiri, kisha pima tena alasiri na jioni. Andika tarehe na saa. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, halafu rudia msimu mwingine. Ufa unaopanuka na kufunga kwa mpigo wa siku, ukirudi karibu pale pale, ni wa joto. Ule unaopanuka tu, hata kwa milimita moja kwa mwezi, bila kurudi, unaonyesha msingi unatitia au kitu kingine kinaendelea kusogea, na huo unahitaji mhandisi haraka.

Ufa wa joto ukizibwa kwa saruji utafunguka tena, au ukuta utapasuka sentimita chache pembeni, kwa kuwa mwendo haujaondoka. Njia mbili hufanya kazi. Moja ni kuupunguza mwendo wenyewe: kuezeka bati juu ya slabu kwa kuacha nafasi ya hewa kati yake, au kuipaka rangi nyeupe inayorudisha jua, hivyo nyuzijoto 25 zikapungua. Ya pili ni kuukubali ufa kama mwanya: kuuchonga uwe mstari ulionyooka wenye upana wa kutosha, kusafisha vumbi, kuweka kamba ya povu na kujaza gundi ya mpira badala ya saruji. Hii ya pili inafaa kwa kuta zisizobeba mzigo. Kama ufa umepita kwenye boriti au nguzo, usichonge chochote kabla mhandisi hajaona mahali nondo zilipo, kwa sababu kisu cha kuchongea hakitofautishi zege na nondo inayoshikilia sakafu ya juu.